Barua ya chifu iliyokubaliwa kwenye meza tatu na kukwama ya nne

Barua yenyewe ilikuwa na mistari sita. Iliandikwa kwa Kiingereza, kama zinavyoandikwa barua nyingi za chifu huku kwetu, ikaelekezwa kwa yeyote anayehusika, na chini ikapigwa muhuri wa ofisi. Kwa Kiswahili ilisema hivi: mwenye barua hii, mwenye namba fulani ya kitambulisho, namfahamu, ni mkazi wa lokesheni yangu, ameishi kwenye shamba namba fulani pamoja na familia yake tangu 1996, alipokaribishwa na marehemu mwenye shamba, msaada wowote atakaopewa nitaushukuru.

Aliyeibeba ni mama mjane wa upande wa Butere, kaunti ya Kakamega. Mimi ni msaidizi wa kisheria, na kazi yangu kubwa ni kuwaandalia watu karatasi kabla hawajafika kwa wakili. Majina nayaacha, na mambo yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyabadilisha. Mama aliniwekea barua mezani kwa mikono miwili na kusema, "Mwanangu, sasa kesi imekwisha. Chifu ameandika." Ilibidi nimweleze kwamba barua ile, kama ilivyo, ingeweza kumpokonya shamba.

Habari ya shamba ilikuwa hivi. Mwaka 1996 mume wake alinunua ekari moja kwa shilingi 45,000 kutoka kwa jirani. Walifunga mapatano kwa karatasi ya daftari, mashahidi wakatia sahihi, akalipa 30,000 na kuhamia papo hapo. Salio alilipa kidogo kidogo, na kila malipo yakaandikwa nyuma ya karatasi ile ile hadi Desemba 1998. Hawakwenda bodi ya ardhi kuomba idhini, kwa hiyo uuzaji wenyewe kisheria ulikufa. Shamba lilibaki kwa jina la muuzaji. Mume akafariki 2005 akazikwa hapo hapo. Muuzaji naye akafariki 2009. Mwaka 2018 mtoto wa muuzaji alimaliza mirathi ya baba yake, akapata hati miliki kwa jina lake, na Februari 2021 akamtumia mama barua ya wakili akimtaka ahame. Wiki tatu baadaye mama alikuwa kwenye benchi la ofisi ya chifu.

Kwa nini aliiamini sana barua hiyo? Kwa sababu kila alipokwenda na barua ya ofisi ile, mlango ulifunguka. Mwaka 2018 alipoteza kitambulisho, na chifu alithibitisha kwamba anamjua na kwamba kwao ni hapo. Mwaka 2019 fomu ya basari ya mwanawe ilihitaji sahihi ya chifu kwamba familia inaishi katika eneobunge lile na kwamba baba amefariki, ikapita. Mwaka 2020 alitaka kufungua akaunti kwenye chama cha akiba na mikopo. Hana bili ya maji wala ya stima kwa jina lake, wakakubali barua ya chifu kuwa ushahidi wa makazi. Meza tatu, na hakuna hata moja iliyomuuliza chifu alijuaje.

Ofisi hizo hazikufanya uzembe. Ukitazama kila moja ilikuwa inauliza nini, utaona swali lilikuwa moja: je, mtu huyu yuko hapa leo, na kuna kiongozi anayemjua? Hilo ndilo jambo ambalo chifu, naibu wake na mzee wa mtaa wanalijua kwa macho yao. Wanakutana naye kwenye baraza, wanajua boma lake, na wakiwa na shaka wanamtuma liguru, yaani huyo mzee wa mtaa, aende akaangalie. Tena kwenye meza hizo hapakuwa na mtu wa upande wa pili aliyesimama kusema si kweli. Kosa likitokea linarekebishika: kitambulisho kina alama za vidole, basari hulipwa kwa shule moja kwa moja, akaunti ina picha na sahihi.

Hata mahakama huipokea barua ya chifu kwa swali la namna hiyo. Mtu akija kumdhamini mshtakiwa, mara nyingi huja na kitambulisho, hati ya mali, na barua ya chifu inayosema huyu ni mtu wetu na anapatikana kijiji fulani. Kwenye mirathi, barua ya chifu inayotaja walioachwa na marehemu huwa ndiyo karatasi ya kwanza karani anayoiulizia. Pale pia hutumika kama utambulisho tu. Mrithi aliyeachwa nje akijitokeza na kupinga, orodha ya chifu haimfungi mdomo, na jaji atataka ushahidi mwingine. Kwa hiyo wanaosema "kotini barua ya chifu haina kazi" wanakosea, kama wanavyokosea wanaosema inamaliza kila kitu.

Meza ya nne, yaani mahakama, ilikuwa na swali jingine kabisa. Chini ya sheria yetu ya ukomo wa madai, sura ya 22, mwenye shamba akikaa miaka 12 bila kumwondoa mtu anayelikalia waziwazi, mfululizo na bila ruhusa yake, anapoteza haki ya kulidai. Anayelikalia ndipo huenda mahakama ya ardhi kuomba asajiliwe. Kwa mtu aliyeingia kama mnunuzi kisha idhini ya bodi ikakosekana, Mahakama ya Rufaa ilishaeleza tangu 1984 kwamba hesabu inaanza siku alipomaliza kulipa. Kwa mama yetu, basi, hesabu ilianza Desemba 1998 na kutimia Desemba 2010. Hati miliki ya 2018 haikufuta hesabu hiyo, maana aliyerithi shamba hulipokea pamoja na haki zilizokwisha kuota juu yake, hata kama hazikuandikwa kwenye rejista.

Sasa rudi kwenye ile barua ya mistari sita. Ilibeba mambo matatu yaliyoshonwa pamoja kama kitu kimoja. La kwanza, mama anaishi hapo; chifu anajua. La pili, ameishi hapo tangu 1996. Hapo nilimuuliza mama chifu aliingia kazini lini. Akafikiri, akasema, "Alikuja baada ya yule mwingine kustaafu. 2014." Na kabla ya hapo? Alikuwa ameajiriwa Nakuru. Maana yake miaka 18 ya kwanza kati ya 25 iliyotajwa, mwandishi wa barua hakuwepo kuiona. La tatu ndilo lililonitisha: "alipokaribishwa na marehemu mwenye shamba."

Neno hilo mama hakuliona kama tatizo. Kwetu mtu hasemi "nilivamia shamba la mzee fulani". Ni neno la heshima kusema alitukaribisha. Lakini mbele ya jaji, kukaribishwa ni kupewa ruhusa, na anayekaa kwa ruhusa hata akikaa miaka 40 hawezi kudai shamba kwa kulikalia. Wakili wa upande wa pili asingehitaji kuipinga barua yetu. Angeikumbatia. Angesema: asante, ushahidi wenu wenyewe unaonyesha alikuwa mgeni.

Nilikwenda kwa chifu na mama. Nieleze wazi kwamba hakuwa mtu mbaya, wala hakudai hata shilingi kwa barua ile. Nilimuuliza, "Bwana Chifu, hili la 1996 ulilipata wapi?" Akasema liguru alimwambia. Na kukaribishwa? Hilo ni maneno yake tu, ndivyo huwa anaandika kwa watu wasio na taito kwa jina lao. Nikamwomba aandike upya yale anayoyajua mwenyewe: kwamba ni chifu tangu 2014, kwamba tangu aingie ofisini amemkuta mama na watoto wake wakiishi na kulima pale, kwamba alimwona akisimamia miwa, na kwamba kaburi la mume analijua. Iandikwe tarehe ya leo, namba ya faili, na kusudi la barua. Alisita kidogo, kwa kuwa barua mpya ilionekana dhaifu kuliko ya kwanza. Ndiyo, ilidai machache. Lakini kila kilichodaiwa angeweza kukisimamia kwa kiapo.

Kesi ilifunguliwa Juni 2021. Anayedai ardhi kwa njia hii hutakiwa kuambatisha kwenye hati ya kiapo nakala ya rejista ya shamba iliyothibitishwa na ofisi ya ardhi. Kesi nyingine huanguka hapo hapo kwa kukosa karatasi hiyo, huku mdai akiwa na barua tatu za chifu. Wakili wetu aliiambatisha, na barua mpya ya chifu akaiweka nyuma kabisa.

Barua ya kwanza, hata hivyo, haikuwa imekufa. Mama alikuwa ameshatuma nakala yake kwa wakili wa mwenye hati kabla hajaja kwangu, akidhani itamtuliza. Ikarudi kotini ikiwa mikononi mwa wapinzani. Na pamoja nayo ikaja barua nyingine, ya 2022, iliyosainiwa na naibu wa chifu wa sabulokesheni ile ile, ikisema mama aliingia shambani mwaka 2011 kama mtunza shamba. Usishangae huo mwaka wa 2011. Ukihesabu kutoka 2011 hadi barua ya wakili ya 2021 unapata miaka kumi, na kumi haifiki 12.

Barua mbili za utawala mmoja, mihuri miwili halali, habari mbili zisizopatana. Watu wengi hudhani hapo jaji atachagua ya mkubwa, yaani chifu amshinde naibu. Haiendi hivyo. Sheria ya ushahidi, sura ya 80, inauliza mambo mengine. Kifungu cha 35 kinataka aliyeandika awe anajua mwenyewe alichoandika, au awe ameandika kwenye kumbukumbu endelevu za kazi yake kwa kupewa habari na anayejua. Na kwa kawaida aje ahojiwe. Kifungu cha 36 kinasema jinsi ya kuipima: iliandikwa wakati jambo linatokea au miaka baadaye? Aliyeandika alikuwa na sababu ya kupindisha? Na kifungu cha 63 kinasema ushahidi wa mdomo uwe wa aliyeona au kusikia mwenyewe.

Naibu wa chifu alikuja kutoa ushahidi mwaka 2023. Maswali hayakuzidi dakika kumi. Uliajiriwa lini? 2017. Mwaka 2011 ulikuwa wapi? Mwanafunzi. Nani alikwambia ni mtunza shamba? Mwenye shamba. Alikwambia lini? Siku alipokuja kuomba barua. Kuna daftari la ofisi ulilolitazama? Hakuna. Ulipoiandika ulijua kuna kesi? Nilijua. Hakuwa amesema uongo hata mara moja, na barua yake ikabaki karatasi yenye maneno ya mdaiwa kwa mkono wa mtu mwingine.

Kisha akaitwa chifu wetu, akahojiwa vilevile juu ya barua yake ya kwanza. Alikubali kwamba 1996 aliambiwa. Alipoulizwa kuhusu neno "alipokaribishwa", alieleza kwamba hakuwepo na hajui mume aliingia kwa masharti gani. Hapo alituokoa, kwa kusema ukweli kwamba hajui. Kuhusu miaka tangu 2014 hakutikisika, kwa kuwa alikuwa anasimulia alichokiona.

Kilichobaki kuthibitisha miaka ya mwanzo kilitoka kwingine, na hapa ndipo ningependa watu wenye mashauri kama haya wakae zaidi. Kwenye sanduku la bati la mama kulikuwa na kibali cha mazishi cha 2005. Mume alifia nyumbani, na kwa vifo vya nyumbani naibu wa chifu ndiye anayeviandikisha na kutoa kibali. Naibu wa wakati huo aliandika jina, tarehe na kijiji cha makazi ya marehemu. Ni ofisi ile ile iliyotoa barua ya 2022. Lakini karatasi hii iliandikwa kwa wajibu wa kazi, siku ile ile ya msiba, miaka 16 kabla ya ugomvi, na mtu asiyejua kwamba kutakuwa na kesi. Ilivunja habari ya 2011 peke yake. Mtu hawezi kuingia shambani mwaka 2011 ambapo mumewe alishazikwa 2005.

Kulikuwa pia na stetimenti za miwa kutoka kampuni ya sukari, za kuanzia 1999, zenye jina la mume, sabulokesheni, na namba ya shamba la miwa. Hapa tulikaribia kujikwaa, maana namba ya kampuni ya sukari si namba ya taito. Wakili wa upande wa pili aliuliza mara moja: tutajuaje kwamba miwa hiyo ilikuwa kwenye shamba hili? Ilibidi mpima ardhi atembee shamba, aoanishe mipaka na ramani, kisha atoe ripoti. Ripoti hiyo ilitufaa kwa jambo jingine ambalo barua ya chifu haiwezi kulifanya kamwe: ilionyesha mama analikalia eneo gani hasa. Sehemu aliyokuwa akiishi na kulima ilikuwa ekari 0.9, si moja kamili, na mahakama haiwezi kumpa mtu ardhi isiyojulikana mipaka yake. "Anaishi kwenye shamba namba fulani" haitoshi iwapo shamba zima ni ekari nne.

Shahidi aliyenigusa ni liguru. Mzee wa miaka zaidi ya 70, hana muhuri wa kumfikia chifu, na karatasi yake pekee ilikuwa taarifa ya ukurasa mmoja. Ndiye aliyemwambia chifu habari ya 1996. Kwa nini basi tusimsikie yeye? Alisema alishika ncha ya kamba ya mkonge siku ya kupima, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi wa 1997, na kwamba mipaka waliiwekea miche ya lusiola, ambayo sasa ni miti ya kukata mbao. Alimwona muuzaji akihesabu pesa za mwisho na kutia dole gumba nyuma ya karatasi. Wakili akamuuliza, "Mzee, si ni kweli walikaribishwa tu?" Akajibu, "Mgeni halipi. Huyu alilipa mpaka wa mwisho." Maneno yale ya shahidi aliyeona yalifuta neno la barua ambalo lilikuwa likituning'inia shingoni kwa miaka miwili.

Hukumu ilitoka 2024. Mama alipewa ekari 0.9. Jaji alitegemea mapatano ya daftari na maandishi ya malipo, kibali cha mazishi, stetimenti zikiwa zimeunganishwa na ripoti ya mpima, na liguru. Barua ya naibu wa chifu hakuipa uzito. Ya chifu aliipokea kwa kipindi cha kuanzia 2014 tu, na kipindi hicho, ukiangalia hesabu, hakikuhitajika hata kidogo, kwani miaka 12 ilikuwa imetimia 2010. Barua aliyoibeba mama kwa mikono miwili haikuchangia hata siku moja kwenye ushindi wake.

Siku hizi mtu akinijia na barua ya chifu juu ya ardhi, kabla sijaisoma hutazama tarehe. Ikiwa imeandikwa baada ya ugomvi kuanza, naiweka pembeni na kuuliza ofisi hiyo hiyo ilimwandikia nini zamani: kibali cha mazishi, fomu ya shule, barua ya kuombea mtoto cheti cha kuzaliwa, mashauri ya mipaka yaliyoandikwa kwenye daftari la baraza. Halafu nauliza nani alimwambia chifu, nijue ni nani wa kwenda kotini. Halafu ndipo naisoma neno kwa neno, nikitafuta "alikaribishwa", "alipewa mahali", "anamtunzia", maneno ya adabu ambayo mwandishi huweka bila kuwaza.

Mwezi wa pili baada ya hukumu mama alirudi kwa chifu yule yule. Mjukuu wake alikuwa kidato cha kwanza na fomu ya basari ilitaka uthibitisho wa makazi. Chifu aliandika kwamba anamjua mama huyu kuwa mkazi wake tangu 2014, akatia sahihi, akapiga muhuri, na fomu ikapokelewa siku hiyo hiyo.